Dogo, Akikutumia Hela ya Viatu, Soma Hapa Kwanza

Kwa wachezaji wote wa mashindano ya vijana chini ya miaka 20, Mwanza. Kijikaratasi hiki kimeandaliwa na kamati ya mashindano. Kikunje, weka kwenye begi la mazoezi.

ANAVYOANZA

Anayepanga matokeo ya mechi usimtegemee aje na miwani nyeusi na bahasha. Anayekuja ni mtu mzuri. Alikuona Nyamagana Jumamosi, anajua jina lako la utani, anajua mnaishi Igoma na mama anauza dagaa. Ujumbe wake ni kama huu:

"Mambo dogo. Nimekucheki juzi, mguu wako wa kushoto noma. Hizo njumu zimeshakwisha lakini, nakutupia kitu ununue nyingine. Mimi ni kaka yako, usijali."

Inaingia 60,000 kwenye simu. Hajaomba kitu. Wiki inayofuata anakutumia bando. Halafu anauliza swali jepesi tu: "Kipa wenu amepona kidole?" Unamjibu. Hapo umeshampa taarifa ya ndani ya timu, na kuna mtu anaweza kubeti kwa taarifa hiyo.

Ombi lenyewe huja mwezi unaofuata, tena dogo. Hakwambii mfungwe. Anakwambia: "Mtashinda nyinyi, hilo halina shida. Ila kabla ya mapumziko wapeni kona mbili tatu." Au chukua kadi ya njano kipindi cha kwanza. Au sababisha penalti mkiwa mnaongoza 3-0, nani atajali? Watu wanabeti kona, kadi na goli la kwanza, si matokeo peke yake. Kwa hiyo usijidanganye kwamba hujauza mechi kwa sababu timu yako imeshinda.

Ukikataa ndipo anatoa ile picha ya skrini: muamala wa 60,000, jina lako kamili, tarehe. "Nikiipeleka kwa kocha wako?" Hela ya viatu ilikuwa kamba tangu siku ya kwanza.

Wengine huja kwa mlango tofauti. Wakala anayekuahidi majaribio Ulaya, lakini kwanza "tuone kama unasikiliza maelekezo". Mchezaji wa zamani unayemheshimu. Na hili tunaliandika bila kuzunguka: wakati mwingine ni kocha au kiongozi wa timu yako mwenyewe.

KWA NINI NYINYI

Kwa sababu nyinyi ni rahisi. Mchezaji wa timu kubwa ana mshahara na kamera kumi zinamwangalia. Wewe unaomba nauli ya daladala kwenda mazoezini. Anayepanga matokeo anatafuta mechi isiyoangaliwa na mchezaji ambaye hata laki moja kwake ni hela. Anatafuta pia mchezaji anayebeti mwenyewe na mkeka wake umechanika, ana deni. Chini ya miaka 18 kubeti ni kinyume cha sheria. Aliyefika 18 naye hatakiwi kubeti mpira, hata mechi asiyocheza.

YALISHATOKEA

Wenyeji wa Mwanza wanakumbuka Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C, Ligi Daraja la Kwanza. Geita Gold 8, JKT Kanembwa 0. Polisi Tabora 7, JKT Oljoro 0. Timu mbili zilizokuwa zikifukuzana kupanda daraja, zote zikapata mvua ya magoli siku moja. TFF ikachunguza, ikaadhibu, na aliyepanda Ligi Kuu akawa Mbao FC, vijana wa hapa hapa. Hakukuwa na mtaalamu wa kompyuta aliyehitajika kuona kwamba 8-0 ile ina harufu.

Ghana, Julai 2021: AshantiGold 7, Inter Allies 0. Magoli mawili ya mwisho alijifunga makusudi, kweupe, beki wa Inter Allies aliyeingia akitokea benchi. Alieleza kwamba alisikia hotelini watu wamebeti 5-1, akaamua kuwaharibia. Wengi mitandaoni walimpigia makofi. Sisi hatumpigii. Nia yake tunaielewa, lakini picha iliyobaki duniani ni ya mchezaji anayepiga mpira kwenye goli lake. Mwaka uliofuata timu zote mbili zilishushwa daraja. Ukisikia jambo hotelini, sema kabla mpira haujaanza. Usijifanye polisi uwanjani.

Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema anayepanga matokeo anafungiwa si chini ya miaka 5, na faini isiyopungua faranga za Uswisi 100,000. Kwa mtu wa miaka 18, miaka mitano ndiyo mpira wenyewe. Kukaa kimya baada ya kufuatwa nako ni kosa.

UKIFUATWA

Sema "hapana, sifanyi hivyo", kisha ondoka. Usibishane naye, usimtishie kumshitaki, usijifanye umekubali ili umnase. Wanaonasa watu wana mafunzo na silaha. Wewe una njumu.

Usifute ujumbe hata kama unakutia aibu. Mkikutana ana kwa ana, ukifika nyumbani andika haraka kwenye daftari: siku, saa, mahali, alivaa nini, maneno yake kama alivyoyasema, namba ya pikipiki au gari. Kesho utakuwa umesahau nusu.

Usitangaze vyumbani wala kwenye kundi la timu. Huenda mwenzako mmoja ameshakula hela tayari, na taarifa itamfikia yule mtu kabla haijatufikia sisi.

Kama hela imeshaingia kwenye simu, usiitumie na usiirudishe mwenyewe. Njoo nayo hivyo hivyo. Na kama uliitumia kitambo, njoo pia. Aliyekuja mwenyewe mapema hatumwangalii kama aliyekamatwa.

PA KUSEMA

TAKUKURU, namba 113, bure kwa mtandao wowote. Huna haja ya kumpitia kocha. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe.

Kama una chini ya miaka 18 na unaogopa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure pia. Ukitishiwa maisha, wewe au ndugu zako, usisubiri mtu: polisi, 112.

Ukitaka kwenda juu moja kwa moja, andika kwa integrity@fifa.org. Piga simu au andika kwa simu ya mtu unayemwamini, mzazi au mlezi, kama yako ilikuwa mikononi mwa huyo "kaka" au ndiye aliyekununulia.

Kwetu sisi: meza ya kamati ipo chini ya jukwaa kuu, Nyamagana, kila Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Tunajua kwamba ukisimama pale uwanja mzima unakuona. Basi nenda kwa daktari wa mashindano, mwambie unataka bendeji ya kifundo cha kushoto na ya kulia. Atakuingiza kwenye chumba cha huduma ya kwanza, atafunga mlango, atampigia mtu wetu mmoja. Utatoka na bendeji mguuni, na kocha akiuliza, umeteguka kidogo.