Madai ya ujira wa kibarua: meseji za usiku na barua iliyoandikwa baada yake

Meseji za Ijumaa, 7 Machi 2025

Saa 2:14 usiku: Bosi unatuona sisi mazuzu eh? Mwezi mzima nakubebea zege we unakula raha. Nataka laki tatu zangu LEO

Saa 2:20 usiku: Unaona simu unakata. Sawa

Saa 2:31 usiku: Nyapara wako muongo, toroli lilikuwa bovu toka siku ya kwanza. Mia mbovu silipi

Saa 2:33 usiku: Na koleo na mabuti yako ninayo mimi, sirudishi mpaka nione hela

Saa 3:05 usiku: J3 tunakuja wote tunafunga geti, tuone nani atamwaga zege. Mwizi mkubwa wewe

Barua ya Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwa Mkandarasi,
Ujenzi wa jengo la ghorofa tatu.

Ndugu,

YAH: MADAI YA UJIRA WA SHILINGI 262,500

Mimi ni kibarua niliyeandikwa namba 14 katika daftari la mahudhurio la nyapara. Nilifanya kazi kwako ya kuchanganya na kubeba zege, kusomba kokoto na kumwagilia nguzo maji, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Februari hadi Jumamosi tarehe 1 Machi 2025. Tulipatana kwa mdomo, mbele ya nyapara, shilingi 15,000 kwa kutwa, na malipo kila Jumamosi jioni.

Ijumaa iliyopita nilikutumia meseji za hasira. Nilikuita mwizi na nikatishia kufunga geti. Maneno hayo nayafuta na naomba radhi kwa kuyasema. Geti halitafungwa. Koleo na mabuti nimemkabidhi mtunza stoo Jumamosi tarehe 8 Machi, naye amesaini kuvipokea. Pia nilitaja laki tatu kwa kukisia, bila kufungua daftari langu. Deni lenyewe silifuti, na hesabu yake kamili ni hii:

Siku za kazi katika wiki hizo nne, Jumatatu hadi Jumamosi, ni 24. Jumatano tarehe 12 Februari niliumwa, sikufika, na siidai. Jumatano tarehe 26 Februari mvua ilikatisha kazi saa 6 mchana. Nyapara aliandika nusu siku kwa sisi sote, nami nakubali. Zinabaki siku kamili 22 na nusu moja.

Siku 22 × 15,000 = 330,000
Nusu siku = 7,500
Saa za ziada, 22 Februari: 5 × 3,000 = 15,000
Jumla = 352,500
Toa nilichopokea = 90,000
Baki = 262,500

Kuhusu saa za ziada: siku hiyo tulimwaga slabu ya ghorofa ya kwanza. Kazi huisha saa 11 jioni, lakini zege halikuweza kuachwa katikati, kwa hiyo tuliendelea hadi saa 4 usiku. Nyapara ndiye aliyetaja shilingi 3,000 kwa saa, tukiwa juu ya slabu, kabla taa hazijawashwa. Wenzangu namba 9 na namba 17 walikuwepo na wako tayari kulieleza hilo.

Kuhusu nilichopokea: tarehe 8 Februari ulinitumia shilingi 40,000 kwa simu, na tarehe 15 Februari nilipewa 50,000 taslimu nikasaini. Tangu hapo sijapokea kitu, si Jumamosi ya tarehe 22, si tarehe 1 Machi.

Nyapara amenieleza kuwa nitakatwa shilingi 35,000 za toroli lililovunjika Alhamisi tarehe 20 Februari. Sikubaliani na makato hayo. Lilivunjika ekseli likiwa na zege, katika kazi ya kawaida, wala sikuliangusha. Ekseli ile ilikuwa imeshachomelewa zamani, na imekatika palepale penye mshono. Vipande viko stoo, naomba uvitazame mwenyewe: sehemu kubwa ya mkatiko ni nyeusi kwa kutu, na ukingo mdogo tu ndio unaong'aa. Chuma kilichokatika siku hiyohiyo hakiwi na kutu ndani, kwa hiyo ufa ulikuwepo kabla toroli halijafika mikononi mwangu. Picha niliyoipiga siku ile nimeiambatanisha.

Hata hivyo, ukiona bado tuna la kubishania kwenye toroli, ubishi huo ni wa shilingi 35,000 tu. Shilingi 227,500 zilizobaki hazihusiani nalo, na sioni sababu ya kuzizuia.

Nimeambiwa pia kuwa mwenye jengo bado hajatoa fedha za awamu hii. Naelewa kwamba mkandarasi naye husubiri. Lakini mimi sikupatana na mwenye jengo. Nilipatana na wewe, na kazi niliyoifanya haikusubiri awamu. Kutokuwa na mkataba wa maandishi nako hakuondoi deni, kwa sababu mahudhurio yameandikwa kila asubuhi na sehemu ya malipo umeshaitoa. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, unaohusu kulinda ujira, unataka mfanyakazi alipwe kwa vipindi vinavyoeleweka, na kazi inapokwisha hesabu yake ifungwe ndani ya muda unaofaa. Kazi yangu kwako iliisha tarehe 1 Machi.

Kwa hiyo naomba nilipwe shilingi 262,500 kabla ya saa 10 jioni, Jumatatu tarehe 17 Machi 2025. Unaweza kutuma kwa namba ileile uliyoitumia tarehe 8 Februari, au kunipa taslimu saiti mbele ya mtunza stoo. Nitasaini kiasi nitakachohesabu mkononi, si zaidi. Nikipewa sehemu tu, nitaandika "sehemu ya malipo" na baki lake. Karatasi inayosema nimemalizana nawe nitaisaini siku deni litakapokwisha.

Ukiona kuna siku nimeihesabu vibaya, tafadhali nitajie tarehe yake. Niko tayari kukutana nawe siku yoyote wiki hii baada ya saa 11 jioni, tukiwa na daftari la nyapara na langu, tupitie mstari kwa mstari. Naomba daftari la nyapara lisiondolewe saiti wala kurasa zake kuandikwa upya. Kurasa za wiki hizo nne nimezipiga picha.

Ikifika saa 10 jioni ya tarehe 17 bila malipo na bila majibu ya maandishi, Jumanne asubuhi tarehe 18 nitapeleka madai haya kwa afisa kazi, pamoja na viambatanisho vyote na nakala ya barua hii. Naliandika hili mapema ili lisije likakushtua.

Barua hii nimeileta kwa mkono, nakala mbili. Naomba moja isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, nirudi nayo.

Wako katika kazi,

Hamisi
Kibarua namba 14

Viambatanisho:
Picha za kurasa za mahudhurio, 3 Februari hadi 1 Machi
Nakala ya daftari langu la siku na saa
Meseji ya malipo ya simu ya shilingi 40,000
Picha ya ekseli ya toroli
Karatasi ya stoo ya kukabidhi koleo na mabuti

Nakala: Nyapara