Fundi wa mashine za mitumbwi, miaka 37, Kirumba

Mwangaluka! Mimi ni Mkerewe niliyekulia Nansio, sasa naishi Kirumba, vyumba viwili vya kupanga. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za mitumbwi pale Mwaloni.

Nina binti wa miaka 9. Mimi na mama yake tuliachana mwaka 2021, na mtoto naishi naye mimi. Asubuhi namsuka mwenyewe, mistari ya kawaida tu, na nimejifunza kwa bidii. Kama hupendi mwanamume mwenye mtoto nyumbani, nakuelewa kabisa, ila tusianze.

Jingine la kulijua mapema ni ratiba yangu, maana inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, mitumbwi inapanda ufukweni, na hapo ndipo kila mtu anataka mashine yake. Siku hizo narudi nyumbani usiku na simu sishiki. Giza likirudi napumua: Jumapili naenda misa, kisha napika. Samaki wangu ni sato wa kuchemsha, nyanya nyingi, ndimu, ugali wa muhogo kama wa kwa mama.

Ni mkimya mbele ya watu wengi. Nikizoea, naongea mpaka chai inapoa. Bia nakunywa Jumamosi, mbili. Sigara sivuti.

Picha zote ni za mwaka 2025, hazijang'arishwa. Ya kwanza nipo kazini, mikono ina oili, nacheka kwa sababu mashine iliyotusumbua siku tatu ilikuwa imewaka. Hiyo naipenda kuliko zote. Ya pili nimesimama wima kwenye harusi ya mdogo wangu, shati la kitenge. Uone urefu wangu na kitambi kinachoanza. Ya tatu ni Kigongo, mwezi Julai, wiki chache baada ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa. Miaka yote tulisubiri kivuko kwenda Sengerema, siku ile nilivuka na binti yangu kwa dakika chache. Amegeuzia kamera mgongo kwa sababu uso wa mtoto siuweki humu. Kulikuwa na picha ya nne, nimeegemea gari. Gari si langu, nimeitoa.

Natafuta mwanamke wa miaka 30 hadi 40 anayetaka ndoa, mwenye mtoto au asiye naye. Awe na shughuli yake, hata genge la nyanya, na akikasirika aniambie. Kununiwa siku tatu kunaniumiza sana.

Ukiniandikia, niambie kwenu Jumapili mnapika nini. Tukielewana tukutane mchana, ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, penye watu. Njoo na dada yako au shoga yako ukipenda. Soda za wote nitalipa mimi.