Tufunge oda namba 47

(Kamera juu ya meza, inaonyesha mikono tu.)

Karibuni tufunge mzigo! Dada yetu kachukua vikombe viwili vya udongo, vya bluu.

(Karibu: kidole kinazunguka ukingo.)

Ufa hakuna. Hiki kina kidoa cha rangi kwenye kitako, nilimtumia picha, akasema, “Nakipenda hivyo hivyo.”

Mkono wa kikombe ndio huvunjika kwanza, kwa hiyo naujaza karatasi laini, halafu plastiki ya vipovu, mizunguko miwili. Kila kimoja peke yake, visigusane.

(Anatikisa boksi karibu na maiki.)

Mmesikia? Kimya. Siku niliyosahau kutikisa, nililipa vikombe vitatu.

(Anaandika kadi.)

“Asante, dada. Kile chenye kidoa kipo juu.”

(Selotepu: kraaak!)

Mzigo unaondoka leo saa kumi.