Tupige kura ya tarehe: kaburi la Babu, Kilema. Mwisho wa kujibu Jumapili tarehe 1 Novemba, saa 3 usiku

Wazee wetu shikamooni, na wenzangu mambo vipi. Hii ni ndefu kidogo ila naomba muisome yote kabla hamjatuma stika, maana wiki iliyopita niliuliza tu "jamani tarehe gani inawafaa" nikajibiwa Amina nyingi na maua, tarehe sikuambulia hata moja.

Ishu ni ile ile ya kaburi la Babu. Bibi na Baba Mdogo washakubaliana lijengewe msimu huu watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Asubuhi misa ya kumwombea parokiani, tukitoka hapo padre anakuja kihambani kubariki kaburi, tunakula, afu jioni wakubwa wanakaa kikao cha ukoo. Yote siku moja. Kilichobaki ni siku gani, na hilo siwezi kuamua mimi wala Baba Mdogo peke yake, halafu baadaye mtu aseme alitengwa.

Baba Mdogo kaenda kuongea na padre, akapewa siku tatu. Ndo hizi:

A. Jumamosi, 19 Desemba 2026
B. Jumatatu, 28 Desemba 2026
C. Jumamosi, 2 Januari 2027

Zote misa ni saa 4 asubuhi.

Kabla mtu hajauliza kwa nini isiwe tarehe 26: padre ana ndoa siku hiyo asubuhi mpaka mchana, mnajua kwetu Desemba inavyokuwa, kila nyumba ina turubai. Na 27 ni Jumapili ya Familia Takatifu, misa za parokia zimejaa, hawezi kutoka. Kwa hiyo hizo mbili tuziache, hazirudi hata tukibembeleza.

Sasa niseme ukweli wa kila tarehe ili mtu asipige kura gizani.

A uzuri wake ni usafiri. Mabasi ya Dar kwenda Moshi bado hayajawa vita, mtu anakata tiketi anakaa kwa amani, na walimu wetu watakuwa washafunga shule. Ubaya ni kwamba Dada wa London anatua KIA tarehe 23, kwa hiyo A ikipita hayupo, na ndo mjukuu wa kwanza wa Babu. Lingine ni fundi. Anasema anataka wiki tatu, ajenge, apige plasta, ikauke vizuri ndo aweke marumaru, maana akiharakisha zinabanduka mwakani. Ukihesabu, inabidi aanze mwisho wa Novemba kwenye vuli yenyewe, na ile njia kutoka lami mpaka nyumbani mnaijua ikinyesha, gari la mchanga linaishia chini watu wanabeba kwa ndoo. Inawezekana, ila tujue.

B watu karibu wote watakuwa nyumbani, Dada yupo, fundi ana nafasi. Tatizo ni wale wa ofisini, ni siku ya kazi, inabidi uombe ruhusa na uombe mapema. Mimi mwenyewe ni mmoja wao na nitaomba, hiyo siyo siri, kura yangu ni B. Msinifuate lakini.

C wikiendi na mwaka mpya, ofisi hazina neno. Ila Dada anaruka kesho yake tarehe 3, kwa hiyo atakuwa anafunga mabegi huku tunakaa kikao, na wale wa Dar watagombania basi la kurudi siku moja na nchi nzima. Wenye watoto wanaoanza fomu wani pia mnisikilize, hapo ndo mtakuwa kwenye sare na madaftari, muangalie mifuko yenu msije mkapiga C kwa furaha.

Namna ya kujibu. Nimeweka kura hapa chini, unaruhusiwa kugusa zaidi ya moja, yaani gusa ZOTE unazoweza kuja, siyo ile unayoipenda tu. Kama kuna siku huwezi kabisa hata kwa dawa, andika hapa mfano "A siwezi" na sababu kwa kifupi. Kura ikikusumbua andika tu herufi, B, au A na C, inatosha. Naomba isiwe voisi noti ya dakika sita, nitakosa kura yako katikati ya salamu. Na wanandoa kila mtu ajibu lake, mmoja asiseme "sisi tupo" wakati mwenzie yuko zamu hospitalini.

Bibi, Mama Mkubwa na wazee wa kule juu ambao hawamo humu nitawapigia mimi mwenyewe Jumatano jioni, majibu yao nitayaandika hapa kila mtu ayaone. Kitu kimoja Baba Mdogo kasema na mimi naona ni haki: Bibi akisema siku fulani hawezi, siku hiyo imetoka, hata ikiwa na kura zote za humu.

Mwisho ni Jumapili hii tarehe 1 Novemba saa 3 usiku ya Bongo. Dada, kwako London hiyo ni saa 12 jioni, saa zenu zimesharudishwa nyuma. Na siyo kwamba napenda kukimbiza watu. Jumatatu tarehe 2 ni siku ya kuwaombea marehemu, Baba Mdogo atakuwa kanisani asubuhi na akitoka misani anampa padre jibu hapo hapo, maana hizo siku tatu tumeshikiwa mpaka siku hiyo tu, kuna familia nyingine zinazitaka. Fundi naye anasubiri simu hiyo hiyo. Na wamama wa mbege wanataka tarehe ya uhakika, ndizi ziivikwe, ulezi uoteshwe, ile kitu haipikwi jana kunywewa leo.

Ambaye hatakuwa amejibu mpaka muda huo tutahesabu kwamba siku yoyote ni sawa kwake. Tiki za bluu siyo jibu. Siku zikifungana tutaenda na ile ambayo wamesema "siwezi" wachache zaidi, na zikifungana tena anaamua Bibi. Jumatatu mchana natangaza hapa, na ikishatangazwa ndo imetoka, tusifufue mjadala mwezi wa 12.

Michango bado, tafadhali. Baba Mdogo anasubiri fundi alete hesabu ya saruji na marumaru ndo tukae tugawane, kwa hiyo mtu asitume hela kwenye namba yoyote kwa sasa hata akiambiwa ni ya mbuzi. Mambo ya nani analala wapi pia baadaye.

Mama Mdogo wa Himo, simu yako haipatikani tangu jana, ukiiona hii nibipu tu nitakupigia, nataka kujua kama ule mkutano wa vikoba vyenu wa mwisho wa mwaka ni tarehe 28 au mlishausogeza, maana sufuria kubwa ziko kwako.