Barua kwa konseye wa masomo: naomba umuangalie mtoto wa klasi yangu

Goma, tarehe 17/10/2023

Jambo Mama Konseye,

Habari ya kazi. Nakuandikia juu ya mtoto mumoja wa klasi yangu ya ine primeri, hapa nitamuita B. sababu karatasi inaweza kupita mu mikono ya batu mingi, jina yake yote nitakuambia tukionana. Iko na miaka kenda, alifika kwetu mwezi wa kenda, familia yake ilitoka Masisi na nyumbani banaongeaka Kihunde, Kiswahili angali anajifunza lakini ku rekreasio anaelewana na benzake muzuri tu.

Nitaandika vile naonaka na vile nasikiaka. Jina ya hiyo shida sinayo, na sitaki kuitafuta mimi.

Kama niko mbele yake na ananitazama, anajibu. Kama nimegeukia tablo nikiongea, ao nimesimama nyuma, mara mingi hageukake, anatazama kwanza vile jirani wake anafanya njo na yeye anafanya. Siku mvua inapiga mabati anakaa tu, ata kaye hafungue. Mu diktee anaandika mwanzo wa neno na mwisho inapotea, lakini akikopia ku tablo, neno lote linatimia. Kalkile ya kuandika anamalizaka mbele ya wengi, ile ya mdomo anabakia kimya. Na mikono yake! Anachonga tuchukudu tudogo twa miti twenye tunatembea kweli, anaonyesha benzake namna ya kufunga gurudumu.

Siku ya ine ilipita upepo ulipiga mlango wa chuma, akaingia chini ya banki, alitoka wakati jirani wake alimushika mukono. Hiyo nimeona mara moja tu, nisingependa ifunike zile zingine.

Kuna benzetu ku sale ya baalimu wanamuita kichwa nguvu. Tafazali Mama, hiyo isiingie mu fishe yake, sijaona ata siku moja amekataa kazi yenye ameelewa.

Nimemuweka ku banki ya kwanza na nangojaka anitazame njo niseme, kazi ya mdomo imesonga kidogo, diktee bado. Mama mukubwa wake mwenye anamulea anasema sikio ya kushoto ilikuwa inatoka maji akiwa mudogo, na redio anaisogeleaka sana. Anakubali umuangalie, anaomba tu batoto bengine basijue.

Naomba ukuje ukae mu klasi asubui moja bila kusema umekuja kwa nani, kisha umuongeleshe pembeni pamoja na mtu mwenye anajua Kihunde, na masikio na macho yake yapimwe mbele ya mtu yeyote kusema kitu juu ya akili yake. Ekzame ni mwezi wa 12, ningefurahi tuwe tumejua namna ya kumusaidia mbele ya pale. Kaye zake za diktee na kalkile nimeziambatanisha. Mama mukubwa wake anapatikanaka saa nane, kisha kutoka soko, siku yote isipokuwa siku ya posho.

Aksanti sana Mama,

Titileri wa klasi ya ine primeri