Makaa Yameshika, Moshi Umeisha: Jiko Lilale Ndani?

[KLIPU 0:00–0:11. Dada anapepea jiko koridoni: "Julai hii Nairobi bila jiko hulali. Hapa nangoja moshi uishe."]

MIMI: Nasimamisha hapo. Kuwashia nje amefanya vyema, na wengi hawafanyi. Tuendelee.

[KLIPU 0:11–0:24. Analiingiza ndani, anafukia makaa kwa jivu: "Yakishakuwa mekundu hayana sumu tena. Jivu litayafikisha asubuhi."]

MIMI: Nimeirudisha sentensi hii mara tatu, nihakikishe nimemsikia sawa. Moshi utauona, utakuwasha macho, utatoka. Inayoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na makaa mekundu yanaitoa vilevile. Hutokea pale makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha. Sasa tazama mkono wake: kijiko cha jivu, cha pili, cha tatu. Kila kijiko kinayapunguzia makaa hewa. Ndiyo maana yanafika asubuhi, na usiku kucha gesi inatoka. Kwenye damu inashikana na himoglobini, inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala hasikii chochote cha kumwamsha.

[KLIPU 0:24–0:33, bila sauti. Kitanda, beseni la maji kando ya jiko, dirisha limeachwa wazi upana wa vidole viwili.]

MIMI: Beseni hilo nalijua. Nimekulia chumba kimoja Kayole, futi 10 kwa 10, na mama alilijaza kila usiku akiamini maji yanavuta sumu. Gesi hii haiyeyuki majini kiasi cha kukuokoa. Na vidole viwili vya dirisha, pazia likiwa limeshushwa, havitoshi kwa jiko linalowaka hadi alfajiri.

Anachokikimbia nakijua pia. Mabati ya Julai yanatonesha umande usoni saa kumi usiku, na mtoto analia kwa baridi. Kwa hiyo fanya hivi: chemshia maji jiko hilohilo, kisha litoe nje kabla hamjalala. Acha mlango wazi kidogo chumba kipate hewa. Maji yatie kwenye chupa ya mpira ya maji ya moto, izungushie kanga, weka miguuni.

Ukiamka kichwa kinagonga, unasikia kichefuchefu, magoti hayana nguvu, usikae kujiuliza. Toka, watoe wote, piga 999 au 112.

[KAMERA USONI]

MIMI: Klipu yake ina sekunde 41. Nane nilizoacha anaonyesha namna ya kuchagua makaa magumu, na hapo ananizidi ujuzi. Kiungo kiko chini, kaitazame kwake. Dada, nilikuandikia jana kabla ya kurekodi. Ukirekodi upya kipande cha jivu, nitakibandika juu kabisa ya video hii.