Karatasi ya mazoezi, Kidato cha Nne: Pembe mwinuko na pembe mwinamo

Tumia tan 12° = 0.2126, tan 20° = 0.3640, tan 35° = 0.7002. Kikokotoo kibaki mkobani.

Tuseme umekaa juu ya jabali la Gangilonga, pale Iringa. Jicho lako liko mita 30 juu ya usawa wa barabara. Unamwona bodaboda kwa pembe mwinamo ya 20°. Yuko umbali gani kutoka T, sehemu iliyo chini ya jicho lako wima kabisa?

```
J - - - - - - - - U
|  \   20°
|      \
30 m       \
|              \
T ---------------- B
```

Tazama 20° imeandikwa wapi. Iko nje ya pembetatu JTB! JU ni mstari wa ulalo, na pembe mwinamo hupimwa kutoka hapo kushuka, si kutoka kwenye jabali. Wiki iliyopita wengi mliichukua mkaibandika ndani, kati ya JT na JB, mkapata mita 10.9. Jamani, huyo bodaboda angekuwa karibu miguuni pako, na ungemtazama kwa kuinamisha shingo hasa.

JU na TB ni sambamba, kwa hiyo pembe iliyoko B nayo ni 20°. Ihamishie hapo kwa penseli. Pembe mraba iko T. Upande unaoitazama B ni JT, jirani yake ni TB:

tan 20° = 30 / TB
TB = 30 ÷ 0.3640 = mita 82.4

Sasa zamu yenu. Mchoro kwanza, asiyechora simsahihishii.

1. Bodaboda yuleyule anakuja moja kwa moja kuelekea T. Baada ya muda mfupi pembe mwinamo ni 35°. Amesogea mita ngapi?

2. Neema amesimama mita 24 kutoka kwenye shina la mkaratusi huko Mufindi, uwanja tambarare. Macho yake yako mita 1.5 kutoka ardhini. Anaona kilele kwa pembe mwinuko ya 35°. Mti una kimo gani? (Pembetatu inaanzia machoni, haianzii kwenye viatu.)

3. Mlima Loleza una mita 2,656 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyeko Mbeya mjini, mita 1,700, anakiona kilele kwa pembe mwinuko ya 12°. Tafuta umbali wa ulalo hadi chini ya kilele. Kabla ya kugusa tan, jiulize kimo cha pembetatu ni kipi: 2,656 si chenyewe.

Majibu: (1) mita 39.6 (2) mita 18.3 (3) kama kilomita 4.5. Aliyepata 12.5 kwenye la tatu arudi asome swali upya.